Mutu wa Kusogeza Siku

Bwana yangu Makuza hakuwa chifu, hakuwa karani, na ng'ombe zake ungezihesabu kwa mukono mumoja ukabakisha kidole. Lakini miaka ile ya hamsini, ukipita hapa Kirolirwe na kuuliza nyumba ya Makuza, watu wangekuuliza kwanza: "Makuza gani? Yule wa kusogeza siku?" Njo yeye. Na miye Daphrose njo bibi yake, kwa hiyo musiniletee ile habari kwamba alikuwa muongo. Nitawaambia miye mwenyewe aliongopa mara ngapi. Mara moja. Na ile mara moja njo ilitumaliza.

Kusogeza siku si kazi ya muchezo. Wakati ule watu wakitaka kukutana juu ya jambo kubwa, kuomba binti ao kupatanisha ndugu, walikuwaka wanapanga siku kwa midomo, na siku ikisha kupangwa kila mutu anaihangaikia. Mama wa nyumba analoweka mutama mapema, anauotesha, anausaga, anapika, na pombe ya mutama inakomaa siku moja tu. Kesho yake imechachuka, unawapa nguruwe. Wazee wanaalikwa toka vilima vya mbali. Sasa siku inabakia moja, na kule upande mwingine mutu anakufa, ao ng'ombe anashindwa kuzaa, ao mvua inakula daraja. Nani atakwenda kusema, "Kesho hatukuji"? Hapo wanaume wote wanaanza kukohoa na kuangalia miguu yao.

Siku moja jirani yetu Straton alituma shemeji yake kusogeza siku, kijana wa miaka kumi na mitano. Kijana alifika kwa wenyewe, akasimama inje ya lupango, ule uzio wa nyumba, akapiga kelele, "Wamesema hawakuji tena!" akakimbia. Basi. Zile nyumba mbili hazikusalimiana mulangoni mwa kanisa muda wa miaka mitatu, na ugomvi wenyewe hakuna aliyeweza kuueleza. Watu waliogopa. Toka pale, kila jambo likiharibika, wanakuja kwetu: "Papa Makuza, tusaidie."

Yeye alikuwa na namna yake. Kwanza hakubali kutumwa mutu akiwa amesimama mulangoni. Utaketi, utamwambia sababu. Sababu moja. Ukianza kutaja tatu, anakukatiza: "Papa, wakisikia tatu hawataamini hata moja." Kisha anakwenda kuona hiyo sababu na macho yake. Daraja limekwenda? Anashuka mutoni anaangalia. Ng'ombe anazaa vibaya? Anaingia zizini anachafua mikono. "Sibebi kitu sijakiona," alikuwaka anasema, na miye nilikuwa ninamucheka: weye ni bwana, ao ni padiri wa kuungamisha ng'ombe?

Kisha anakwenda yeye mwenyewe, hata kama mvua inapiga, na anafika mapema, mbele wale waalikwa hawajatoka kwao, sababu aibu inakuwa kubwa kwa hesabu ya macho yanayoiona. Anabeba kibuyu cha pombe, anaonja yeye wa kwanza, anampa mwenye nyumba. Hasemi, "Tumepanga siku ingine." Hapana. Anasema, "Siku ni yenu, tupeni ingine mutakayoona." Na alikuwa ananichukua miye, kwa maana wanaume wanaambiana kule chini ya paa la wageni, lakini aliyelia moshi siku tano juu ya ile pombe yuko jikoni, na yeye pia lazima aombwe radhi. Jambo hilo wanaume wengi hawalijui mupaka leo.

Sasa nakuja kwa Karangwa. Nikitaja jina hilo mate yananikauka, munisamehe.

Karangwa na Makuza walitoka Rwanda pamoja, kwa miguu, wakichunga ng'ombe mbele, wakati Wazungu walipokuwa wanaleta watu huku kwenye malisho. Mwaka wa kwanza baridi na kupe zilimaliza ng'ombe zetu zote. Zote! Karangwa akatupa mutamba mumoja, jike mweusi wa paji jeupe, hakuomba kitu. Kwetu mutu akikupa ng'ombe namna ile, mumefungana. Watoto wangu walikunywa maziwa ya yule ng'ombe. Kwa hiyo Karangwa aliposema, "Mutoto wangu Evode anataka binti wa Rukara, uwe muranga wetu," Makuza hakufikiri hata kidogo. Muranga njo yule mutu anayepita katikati ya nyumba mbili mupaka ndoa inafika. Wengine wanasema mushenga.

Rukara alikuwa anakaa kilima kingine, njia ya Kitshanga, mwendo wa saa mbili na nusu. Mutu mupole, mwenye ng'ombe nzuri, anayesema kidogo. Binti yake Verdiane alikuwa muzuri, lakini zaidi ya uzuri alikuwa na akili ya mikono. Alisuka vikapu ambavyo Masista wenyewe walikuwa wanaviomba. Makuza alikwenda kule mara sita. Mara sita, kwa miguu! Wakakubaliana: Posho, njo Jumamosi, ya pili ya mwezi wa saba, mwaka hamsini na tatu, watu wa Karangwa watakwenda kuomba rasmi, wazee wote wakiwa wameketi.

Ijumaa asubuhi, ninakamua, Karangwa akaingia. Kofia mukononi. Hakuketi.

"Makuza, ndugu yangu, mambo imeharibika. Mama amegonjwa usiku. Hatambui watu."

Makuza aliweka chini kibuyu cha maziwa. "Mama Mukarugwiza?"

"Njo yeye. Naweza namna gani kwenda kuomba bibi arusi na mama yangu amelala vile? Uende kwa Rukara leo. Weye njo unajua kusema."

Miye sikuweza kunyamaza. Nikasema, "Lakini Papa Karangwa, Siku ya Tatu, juzi tu hii, nilimuona shambani, anafukuza mbuzi na jembe, matusi yanafika mupaka kwetu."

"Daphrose!" Makuza akanigeukia. "Ugonjwa unapiga hodi? Ao ulitaka mama wa watu akuandikie kwanza barua?"

Nikafunga mudomo. Ninajilaumu kwa hiyo, ingawa nisingeshindana nao wawili.

Makuza akachukua fimbo yake. "Sawa. Tupitie kwako nimuone, kisha nikamate njia."

Hapo Karangwa alibadilika uso. Alisema polepole, na sauti ya mutu aliyeumizwa: "Makuza. Mama yangu amevuliwa nguo, wanawake wanamukanda na majani. Unataka kuingia mule umuangalie? Weye ni mufirimi wa hospitali? Ao siku hizi neno langu kwako haliko neno?"

Mungu wangu! Alijua pa kupiga. Mwanaume hawezi kuingia mahali mama wa rafiki yake amelala bila nguo, hiyo ni mwiko. Na yule ng'ombe mweusi alikuwa pale pale mbele yetu, anatafuna, na kitoto chake kinanyonya. Makuza aliona haya. Nilimuona akiona haya. Akasema, "Unisamehe, ndugu yangu. Nakwenda."

Tukaenda. Njiani alikuwa anajaribu maneno yake kwa sauti ya chini kama siku zote, miye nyuma na kibuyu kichwani.

Tulifika kwa Rukara jua halijafika katikati. Nyumba ilikuwa imepakwa upya, kiwanja kimefagiliwa mupaka ungelala chini. Mitungi ya pombe ilikuwa imepangwa, imefunikwa na majani. Wanawake wakatupigia vigelegele, wakifikiri tumeleta habari ya idadi ya wageni. Eeh, vile vigelegele! Nilitaka ardhi inimeze.

Makuza hakusema kitu mulangoni. Alisalimia kila mutu na jina lake, kisha akamuomba Rukara wasogee kando, wawili tu, mwenye nyumba asikie wa kwanza, kisha watu wake. Miye nilisimama karibu, nikasikia yote.

Rukara akamuonyesha kiti. Makuza akakataa. "Papa Rukara, nitaketi ukinipa ruhusa ukisha kusikia. Nimekuja mbele ya siku, kwa sababu siku imetushinda. Imeshinda siye, haikushinda ninyi. Ninyi mumetengeneza yote, naona na macho yangu. Mama yake Karangwa amegonjwa sana usiku, hatambui watu. Karangwa hawezi kuja kesho kuomba mutoto wenu na roho nusu. Angetuma salamu tu, lakini ameona hiyo ni kuwazarau, njo maana nimetembea. Kosa ni letu. Siku ni yenu. Mutupe ingine, ao mutunyime, tutapokea."

Rukara akauliza neno moja tu.

"Ulimuona?"

Sasa munielewe vizuri. Kama Makuza angejibu, "Hapana, niliambiwa," ile safari yote ingekuwa bure. Ni kusema: hatukujali hata kuchungulia, tumekuja tu kuwavunjia siku. Na ni kusema mbele ya mukwe kwamba neno la Karangwa linahitaji kupimwa.

"Nilimuona," Makuza akasema.

Bwana yangu yule! Miaka kumi na tano nimeishi naye, hajawahi kuniongopea hata juu ya chumvi. Nilitazama chini. Nilijiambia, basi, ni uongo mudogo juu ya kitu cha kweli, mama si mugonjwa? Tutakuja kutubu kwa padiri.

Rukara akapumua. "Basi uketi, Makuza. Ugonjwa ni wa Mungu. Na aksanti ya kuja mwenyewe." Makuza akaonja pombe yetu, akamupa, Rukara akanywa, jambo likapita. Pale pale akatuma watoto wake wakubwa wawili kwenda kuzuia wazee mbele hawajatoka kwao, na akawafundisha maneno ya kusema, yale yale ya Makuza. Siku mupya akaweka Posho mbili mbele.

Miye niliingia jikoni kwa Mama Mukashema, bibi yake. Macho yake yalikuwa mekundu ya moshi. Nilimueleza, nikapiga magoti, nikamushika mikono. Aliangalia mitungi. "Yote hii, Daphrose?" Kisha akajikaza. "Aah, bora mama yule apone. Pombe inapikwa tena." Na Verdiane, ambaye dada zake walikuwa wamemusuka nywele tangu asubuhi, alikwenda akaleta kikapu kidogo chenye kifuniko. Akaniambia, na aibu, "Mama, hiki nilisuka juu ya nyanya yake Evode. Nilitaka kumupa kesho. Umupelekee, mwambie pole." Nilikipokea. Ninakumbuka nilifikiri: Karangwa amepata mukamwana wa zahabu.

Hapo Rukara akatoka inje, akasema mbele ya wote: "Hii pombe ilitengenezwa juu ya watu wa Karangwa. Itakwenda kwa watu wa Karangwa. Kesho nachukua wale wazee wa hapa karibu, tunakwenda kuona mugonjwa."

Makuza alisimama, machozi karibu. Kweli alifurahi, musifikiri aliogopa! Kwetu kumutembelea mugonjwa njo safari moja tu isiyopangiwa siku; hauombi ruhusa, unabeba kitu unakwenda. Rukara amevunjiwa siku yake, na jibu lake ni kutembea saa mbili na nusu kutoa pole. Makuza akasema, "Papa, umetuheshimu kupita kipimo. Nakimbia nimwambie Karangwa." Rukara akamushika bega. "Ulale hapa. Kesho nani atanionyesha njia?"

Tukalala kule. Tulikula vizuri. Aibu gani hiyo, nikiifikiri sasa.

Asubuhi tukatoka, wazee saba na fimbo zao, wanawake watano na mitungi kichwani, Mukashema na miye nyuma. Hakuna nyimbo, sababu tunakwenda kwa mugonjwa. Kila aliyetukuta njiani alisimama kando na kutoa kofia. Makuza mbele, anatembea wima, anawaonyesha mahali pa kukanyaga kwenye tope.

Tulipofika kwa Karangwa lupango ilikuwa wazi. Kiwanjani, kwenye jua, juu ya mukeka, mama Mukarugwiza ameketi anapukusa maharagi. Anaimba.

Alituona, akasimama. Wima! Mama wa miaka sabini, akakunguta maganda ya maharagi kwenye kanga yake na kufungua mikono. "Yesu Maria, wageni wote hawa! Karibuni, karibuni. Lakini Karangwa hayuko."

Makuza mudomo wake ulikuwa unasogea bila sauti. Nikajikaza miye. "Mama, tulisikia unagonjwa."

"Miye? Nani amesema hivyo? Niligonjwa ule mwaka wa njaa kule Rwanda, tangu pale hata kikohozi." Akacheka, anatuangalia mumoja mumoja. "Karangwa ametoka jana mchana na Evode na ndugu zake, wamekwenda kwa Michel, yule karani wa shamba la pareto. Kuomba binti yake." Kisha akamutazama bwana yangu, na hakuwa na ubaya hata kidogo moyoni, maskini. "Lakini Makuza, weye si njo muranga wao? Sasa wamekwenda na nani?"

Nilisikia mutungi mumoja ukitua chini nyuma yangu, polepole.

Ningetaka kuwaambia kwamba Rukara alipiga kelele. Ingekuwa afadhali. Yeye alimukaribia yule mama, akamushika mikono miwili, akasema, "Mama, tulikuja kukuona, tumekuona, uko muzima. Tunashukuru Mungu." Akaamuru wanawake waache pombe pale. Mukashema akaja akanichukua kikapu cha Verdiane mukononi, nikafikiri atarudi nacho. Hapana. Alimupa mama Mukarugwiza. "Binti yangu alikusukia." Mama yule alikizungusha kwenye vidole, anakisifu, na hapo njo nilianza kulia, sikuweza tena.

Rukara akamugeukia Makuza.

"Nilikuuliza kama ulimuona."

"Uliniuliza."

"Ulimuona?"

"Hapana, Papa."

"Karangwa amenizarau, nitajua la kufanya naye. Lakini yeye hakuja kwangu. Ni weye ulikuja, ulikataa kiti changu mupaka nisikie. Nikasema, huyu njo mutu." Akatikisa kichwa. "Uliniongopea vizuri sana, Makuza."

Wakaenda. Wazee wote saba walimupita, na hakuna hata mumoja aliyemupa mukono.

Karangwa alikuja kwetu Siku ya Kwanza, kisha siku mbili, na nguo yake ya Misa, anacheka kidogo kama mutu aliyekanyaga mutoto bila kukusudia. Nilitaka kumumwagia maji ya vyombo. Makuza akaniambia niache aseme.

"Ndugu yangu, nimesikia. Bahati mbaya. Nani alijua watakuja? Lakini unielewe. Habari ya Michel ilinifikia Siku ya Ine, mbele sijakuja kwako, akasema Posho hii ao basi. Michel anakaa karibu na Wazungu, Makuza! Evode atapata kazi. Na kama Michel angetukatalia, siye tungebakia na Rukara kisha Posho mbili, hakuna aliyeumia. Njo maana nilikutuma weye. Ningetuma mwingine, Rukara angekasirika. Nilitaka afanyiwe na heshima."

"Na heshima," Makuza akarudilia.

"Eeh. Nani mwingine anajua kusema kama weye?"

Jamani! Alifikiri ni sifa. Alikuwa ameketi pale kwenye kiti chetu, anatoa sifa. Nilimwambia, "Karangwa, ulichukua mudomo wa bwana yangu ukaufanya gunia la kufichia mambo yako. Si ungemuambia Rukara kweli? Ungesema, nimebadilisha nia, nimekosa. Angekasirika, angekutukana, na binti yake angebakia na jina lake. Sasa watu wanauliza Verdiane ana kasoro gani mupaka mukimbie na ugonjwa wa uongo!"

"Daphrose, weye umekuwa mukali bure."

Makuza alisimama, akafungua zizi, akatoa yule ng'ombe mweusi na watoto wake wote aliozaa kwetu, akawaongoza mupaka lupango ya Karangwa na kuwaacha pale. Karangwa alikuwa anamufuata njia yote, anaita, "Makuza, usifanye hivyo! Watu watasema nini?" Miye nilibakia na zizi karibu tupu na watoto wanaotaka maziwa, na sikumulaumu. Kidogo nilimulaumu.

Evode akamuoa binti wa Michel. Kazi hakupata. Verdiane alikaa nyumbani kwa baba yake miaka mitatu, na kila anayetaka kumuomba alikuwa anaulizwa kwanza na wenzake, "Wale wa Karangwa walikimbia nini?" Mwisho aliolewa Masisi na mwanaume mumoja aliyefiwa na bibi, mwenye watoto wane. Mutu muzuri, wanasema. Lakini haikuwa ile ndoa aliyosukwa nywele juu yake.

Makuza alikwenda kwa Rukara kuomba radhi mara mbili. Rukara alimupokea, akamupa kiti, akamupa maziwa, akaongea naye juu ya mvua na malisho. Kila Makuza alipotaka kufungua jambo, Rukara aliuliza kama mvua ya kwetu imeanza. Mara ya tatu hakurudi. Na hakuna tena aliyekuja kwetu kusema, "Papa Makuza, tusaidie." Straton alianza kutuma watu wengine.

Mwaka hamsini na saba ilikuwa zamu ya Béata, binti yetu wa kwanza. Watu wa Narcisse, baba wa kijana aliyemutaka, walikuwa wamepanga kuja kumuomba kwetu, Posho. Safari hii mutama niliuloweka miye, na moshi niliulia miye. Siku ya Ine homa ikamushika Makuza kifuani, akawa anatetemeka mupaka kitanda kinagonga ukuta. Ijumaa hakuweza kuketi. Baba wa binti hawezi kukosa siku ile. Kwa hiyo nilichukua kibuyu, nikamuomba Straton anisindikize, nikatembea.

Nilifanya yote kama alivyonifundisha. Nilifika mapema. Nilikataa kiti. Nilitoa sababu moja, nikasema kosa ni letu na siku ni yenu. Nilionja pombe kwanza. Narcisse alisikia mupaka mwisho, mutu wa adabu, kichwa chini. Kisha akaangalia ndugu zake, na ndugu zake wakaangalia chini.

"Mama Daphrose," akasema, "unisamehe. Tunaomba twende pamoja."

"Mutakuja kumuona mugonjwa?"

"Tutakuja kumuona," akasema.

Nilielewa. Saa mbili njiani nilitembea mbele yao nimeelewa. Walikuja wanaume wane, hawakubeba kitu. Mutu anayekwenda kuona mugonjwa anabeba kitu, hata kama ni viazi vitatu.

Waliingia chumbani. Makuza alifungua macho, akaona wale wanaume wamesimama juu yake kwenye giza lile la nyumba, na akajua mbele miye sijasema. Kaka mukubwa wa Narcisse aliinama, akaweka mukono kwenye paji la uso wake, kisha akashika blanketi na kuisogeza, akaangalia kifua kikipanda na kushuka, jasho, mifupa. Mbele yangu! Kwenye kitanda changu! Nilitaka kumufukuza na fimbo.

"Muache, Daphrose," Makuza akasema. Sauti yake ilikuwa pumzi tu. Kisha akamuambia yule mutu, "Uangalie vizuri, Papa. Sogeza pazia la mulango, mwanga uingie."

Yule mutu aliona haya. Akasema, "Unisamehe, Papa. Tuliambiwa tuone wenyewe."

"Mumefanya vizuri. Na miye ningefanya hivyo."

Wakatoka inje, nikasikia Narcisse anawaambia wenzake ya kwamba ni kweli, ni mugonjwa, tupange siku ingine. Nilirudisha blanketi mupaka shingoni, nikaikunja pembeni isimutoke. Makuza alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta.